Sera inasema mstari mnyoofu, mbona uchakavu wa pikipiki yetu unapungua kila mwaka?

MwekaVitabu Masasi

Habari zenu wakuu. Niko Masasi, natunza vitabu vya shirika dogo la afya ya mama na mtoto. Tuko wafanyakazi sita na mwaka wetu wa fedha ni Januari hadi Desemba. Nimeingia hapa Septemba 2025, aliyenitangulia alishaondoka. Sasa nafunga hesabu za 2025 na nimekwama kwenye rejesta ya mali.

Sera yetu ya fedha imeandika wazi: uchakavu utakokotolewa kwa mstari mnyoofu, pikipiki miaka 4, kompyuta miaka 3. Lakini nikifungua rejesta, pikipiki imeandikwa hivi:

Gharama 3,000,000.
2022 uchakavu 750,000.
2023 uchakavu 562,500.
2024 uchakavu 421,875.
Thamani iliyobaki 31 Desemba 2024 ni 1,265,625.

Ninavyoelewa mimi, mstari mnyoofu maana yake kiasi ni kilekile kila mwaka. Hapa kinashuka. Je, niendelee alipoishia mwenzangu ili vitabu visivurugike, au nimekosea kuelewa? Mkaguzi wa nje anakuja mwisho wa Februari.

Kijana wa Kodi

Dada, hujakosea sana na mwenzako naye hakukosea. Viwango vya uchakavu vipo kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, Jedwali la Tatu. Mali zimepangwa kwa madaraja: kompyuta ziko daraja la kwanza, asilimia 37.5, la pili ni asilimia 25, la tatu asilimia 12.5. Na yote matatu hukokotolewa kwenye kilichobaki, siyo kwenye gharama ya mwanzo. Ndiyo maana kiasi kinashuka. Fuata viwango vya TRA, mkaguzi hatakuwa na neno.

Mzee wa Leja

Kijana, viwango ulivyovitaja ni sahihi, ila umevipeleka kusikohusika. Hiyo ni hesabu ya kodi. Shirika linalowasilisha hesabu ya kodi hufuta kwanza uchakavu wa vitabuni, kisha hupunguza ule unaoruhusiwa na sheria. Hizo ni karatasi mbili tofauti. Vitabu hufuata sera ya shirika, na sera ya binti huyu inasema mstari mnyoofu. Mkaguzi akisoma sera halafu akakuta kiasi kinashuka kila mwaka, lazima aandike hoja.

Binti yangu, nadhani naona alichofanya mwenzako. Amechukua 100 akagawa kwa miaka 4, akapata asilimia 25. Mpaka hapo sawa. Kisha kila mwaka akaizidisha ile 25 na kilichobaki badala ya gharama ya mwanzo. Jaribu: asilimia 25 ya 3,000,000 ni 750,000. Zikabaki 2,250,000, na asilimia 25 yake ni 562,500. Ndiyo namba zako hizo. Na kwa njia hiyo pikipiki haitafika mwisho hata baada ya miaka 20, kwa sababu kila mara unakata robo ya kilichobaki.

Kabla hatujarekebisha, nijibu mambo manne. Ilinunuliwa tarehe ngapi na ikawa tayari kutumika lini? Hiyo 3,000,000 ni bei ya dukani peke yake? Sera inasema nini kuhusu thamani ya mabaki, yaani mnachotarajia kupata mkiiuza baada ya hiyo miaka 4? Na kwenye mali iliyoingia katikati ya mwaka, mnahesabu kwa miezi au mwaka mzima?

MwekaVitabu Masasi

Shikamoo mzee. Nimetoa jalada la hati za malipo za 2022, nimekaa nalo jioni nzima.

Ilinunuliwa Dar. Risiti ya EFD ya duka ni 3,000,000. Kuna hati nyingine ya 200,000, ya kuisafirisha kwa lori hadi hapa pamoja na usajili, na hiyo iliingizwa kwenye gharama za safari. Kuna ya tatu, bima ya mwaka wa kwanza. Hati ya makabidhiano imesainiwa 10 Machi 2022.

Sera inasema mali huhesabiwa kwa mwezi: mwezi wa kuingia unahesabika mzima, mwezi wa kutoka hauhesabiki. Thamani ya mabaki ya pikipiki bodi iliweka 800,000. Iko kwenye muhtasari wa kikao cha Aprili 2022, ila kwenye rejesta haipo kabisa.

Mzee wa Leja

Marahaba. Kazi nzuri, hilo jalada ndilo lenye majibu.

Gharama ya mali si bei ya dukani tu. Ni kila kitu kilichohitajika kuifikisha mahali pake ikiwa tayari kufanya kazi. Usafiri umo, na usajili wa mara ya kwanza umo. Bima haimo, kwa sababu hiyo unailipia kila mwaka na inaisha na mwaka wake. Kwa hiyo gharama yako ni 3,200,000.

Toa mabaki 800,000, zinabaki 2,400,000 za kugawanya. Miezi 48. Kila mwezi ni 50,000, kwa mwaka 600,000. Sasa ipange:

2022, Machi hadi Desemba, miezi 10: 500,000.
2023: 600,000.
2024: 600,000.
Jumla hadi 31 Desemba 2024: 1,700,000. Thamani vitabuni: 1,500,000.

Mwenzako alikuwa na 1,265,625. Tofauti ni 234,375. Sasa angalia kitu kimoja kinachowaponyoka wengi. Jumla ya uchakavu aliyoandika yeye ni 1,734,375, na yangu ni 1,700,000. Zimepishana kwa 34,375 tu. Mtu akiangalia jumla peke yake anaona mambo yako karibu na sawa, anafunga daftari. Lakini mwaka wa kwanza alizidisha 250,000, wa pili akapunguza 37,500, wa tatu akapunguza 178,125. Makosa yamefichana. Ndiyo sababu rejesta ya uchakavu hukaguliwa mwaka kwa mwaka, mstari kwa mstari.

Chama Newala

Mimi ni katibu wa AMCOS huku Newala na jambo hili linanihusu. Tuna mashine za kupulizia mikorosho. Zinafanya kazi msimu wa kupulizia tu, miezi mitatu au minne, baada ya hapo ziko stoo hadi mwaka unaofuata. Mimi nimekuwa nikiweka uchakavu kwa ile miezi ya kazi tu, maana mashine iliyolala haichakai. Kwa hiyo dada naye aangalie: kama pikipiki ilipaki mwezi mzima kwa kukosa mafuta, mwezi huo asiuhesabu.

Mzee wa Leja

Katibu, hapo hapana. Kwa mstari mnyoofu uchakavu huanza mali ikiwa tayari kutumika, na hausimami kwa sababu imelala. Unasimama mali ikishafika kwenye mabaki yake, ikiuzwa au ikifutwa, au ikiwa imetengwa rasmi kwa ajili ya kuuzwa. Na mashine iliyolala stoo inachakaa kweli, wewe unajua kuliko mimi vumbi la salfa linavyofanya likikutana na unyevu kwenye kabureta.

Kuna njia ya kuhesabu kwa matumizi, kwa mfano saa za injini au ekari zilizopuliziwa. Hiyo ni halali na kwa mashine zako inaweza hata kufaa zaidi. Lakini hiyo ni sera nyingine, inataka kumbukumbu ya matumizi ya kila siku na chama kiipitishe. Huwezi kuandika mstari mnyoofu kwenye sera halafu ukaruka miezi minane.

Chama Newala

Nimekuelewa mzee, ila bado naona si haki. Mashine yangu ya mwaka wa tano ina hali kuliko ya jirani yangu ya mwaka wa pili.

Mzee wa Leja

Basi kosa liko kwenye miaka mliyoiwekea. Kama zinadumu miaka minane, msiziandikie minne. Urefu wa maisha ndio sehemu ya kubeba hilo unalolisema.

Bi Hazina Lindi

Hodi jamani. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama Lindi mjini. Sisi uchakavu tunautoa kabisa benki. Kila mwezi tunahamisha 50,000 kwenye akaunti nyingine, ili friji ikifa tununue nyingine. Sasa huyu dada akisema kuna uchakavu wa 600,000 kwa mwaka, hizo pesa ziko wapi? Bodi si itamuuliza?

MwekaVitabu Masasi

Bi Hazina, asante kwa kuuliza, maana mkurugenzi wangu kaniuliza hivyohivyo juzi.

Mzee wa Leja

Bi Hazina, mnachofanya ni jambo jema, endeleeni. Ila hiyo ni akiba. Uchakavu wenyewe haugusi benki. Pesa ya pikipiki ilitoka yote 2022. Tunachofanya sasa ni kuigawa ile gharama ikae kwenye miaka iliyonufaika nayo. Ingizo ni debiti gharama ya uchakavu, krediti uchakavu limbikizi, basi. Kwenye vitabu vyenu, uhamisho wa 50,000 ni benki moja kwenda benki nyingine. Mkiuandika kuwa ndio uchakavu, matumizi yenu yataonekana wakati pesa bado mnazo, na friji itabaki na bei yake ya mwanzo miaka yote.

Binti, turudi kwako. Marekebisho ya hadi 2024 yaandike hivi kwa tarehe ya 1 Januari 2025: debiti pikipiki 200,000, debiti uchakavu limbikizi 34,375, krediti limbikizo la mfuko la mwanzo wa mwaka 234,375. Usiyapitishe kwenye matumizi ya 2025, kwa sababu kosa si la mwaka huu. Kwa shirika dogo kuna wakaguzi watakaosema kiasi ni kidogo, kipite tu mwaka huu. Hilo mwachie mkaguzi wako aamue, wewe uwe na karatasi yako ya ukokotoaji tayari. Baada ya hapo uchakavu wa 2025 ni 600,000, na thamani vitabuni 31 Desemba 2025 ni 900,000.

Kijana wa Kodi

Mzee, nimekubali kuhusu kodi na vitabu. Nimsaidie dada upande wa Eksel. Tarehe ya kuwa tayari ikae E2, gharama F2, mabaki G2, maisha kwa miezi H2, na tarehe ya kufunga hesabu iwe K1. Miezi iliyopita iweke I2:

```
=DATEDIF(E2,$K$1,"m")+1
```

Na uchakavu limbikizi J2:

```
=(F2-G2)/H2*MIN(I2,H2)
```

Hiyo `MIN` usiiache. Bila hiyo mali ikimaliza miezi yake fomula inaendelea kukata, inavuka mabaki, mwisho unakuta kiti kina thamani hasi. Nimeliona hilo kwenye ofisi moja, viti 12 vyote vilikuwa chini ya sifuri.

MwekaVitabu Masasi

Asante kaka. Nimeweka 10/3/2022 na 31/12/2025, imenipa miezi 46 na 2,300,000. Inakubaliana na ya mzee.

Sasa nina la pili. Kompyuta mpakato kwenye rejesta ni mstari mmoja: "kompyuta 3, 4,320,000, Januari 2023". Agosti 2025 moja iliibiwa, ripoti ya polisi ipo. Rejesta bado inasema 3. Nipunguze theluthi?

Mzee wa Leja

Hapo ndipo utaona kwa nini mstari mmoja unapaswa kubeba kitu kimoja. Ukishasema "3" huwezi kujua ipi imeibiwa, ipi ilikuwa kwa nani, wala ipi imebadilishwa betri. Ivunje iwe mistari mitatu, kila moja na namba yake ya kiwandani, ile iliyoandikwa chini ya kompyuta, na jina la aliyekabidhiwa. Zote zilikuwa bei moja?

MwekaVitabu Masasi

Ndiyo, ankara inasema 1,440,000 kila moja, na mabaki ni sifuri.

Mzee wa Leja

Basi kila moja ni 40,000 kwa mwezi kwa miezi 36. Iliyoibiwa, kwa sera yenu mwezi wa kutoka hauhesabiki, kwa hiyo unaishia Julai 2025: miezi 31, sawa na 1,240,000. Zilikuwa zimebaki 200,000. Hizo ndizo hasara ya 2025. Unaondoa gharama 1,440,000, unaondoa uchakavu limbikizi 1,240,000, zinazobaki 200,000 zinakwenda hasara ya upotevu wa mali. Ila kwanza hakikisha uchakavu wa 2023 na 2024 wa kompyuta haukukatwa kwa ile njia ya mwenzako. Kama ulikatwa hivyo, uupange upya kama tulivyofanya pikipiki, ndipo uiondoe.

Na mstari wenyewe usiufute kwenye rejesta. Uandikie tarehe ya kutoka, sababu, na namba ya ripoti ya polisi. Mstari uliofutwa hauna tofauti na kompyuta ambayo haikuwahi kuwepo.

Fundi Mangaka

Naomba niingie kwenye pikipiki, mimi ni fundi huku Nanyumbu. Nani aliwaambia pikipiki ya miaka minne itauzwa 800,000? Inategemea imepita wapi. Kama ni lami ya Masasi hadi hapa Mangaka sawa, hata zaidi inapata. Kama inaingia vijijini kwenye mchanga kila wiki, mnyororo na sproketi vinakwisha mapema, shokomzoba zinavuja, na mnunuzi akisikiliza injini tu anajua. Mimi nimeona zikienda kwa 400,000, na nimeona nyingine ikienda kwa 1,100,000.

MwekaVitabu Masasi

Kaka Fundi, yetu inaingia vijijini. Na bodi imeshasema hakuna pesa ya kununua nyingine, tutaendelea nayo hadi Desemba 2027. Mzee, ina maana Februari 2026 miezi 48 inaisha, halafu miaka miwili inatembea bila uchakavu?

Mzee wa Leja

Haitakiwi ifike huko bila kuangaliwa. Maisha na mabaki ni makadirio, na kila mnapofunga mwaka mnapaswa kujiuliza kama bado yana ukweli. Bodi ikiamua sasa kwamba itatumika hadi Desemba 2027, na kwa maneno ya Fundi mkaona itauzwa kama 300,000, basi kuanzia Januari 2026 unachukua 900,000 iliyoko vitabuni, unatoa 300,000, unagawa kwa miezi 24. Ni 25,000 kwa mwezi. Ya nyuma huyagusi, kwa sababu makadirio yalipowekwa 2022 hayakuwa kosa. Usilichanganye hili na lile la asilimia 25: lile lilikuwa kosa, ndiyo maana tulirudi nyuma.

Kwenye Eksel, mstari huo fomula ya kijana haitafaa tena ilivyo. Andika kwenye safu ya maelezo tarehe ya kikao cha bodi na makadirio mapya.

Fundi Mangaka

300,000 kwa miaka sita ya mchanga mimi naona bado nyingi.

Kijana wa Kodi

Mimi naona ndogo. Bei za pikipiki mpya zinapanda, na za zamani zinapanda nazo.

Mzee wa Leja

Hapo mnaweza kubishana hadi kesho. Binti achukue bei za pikipiki mbili tatu za umri huo zilizouzwa Masasi karibuni, aziambatanishe na muhtasari wa bodi. Mkaguzi atataka kuona mmeitoa wapi namba, hata kama yeye angekadiria nyingine.

Jambo la mwisho kwangu. Kabla ya mkaguzi, shika rejesta uende kwenye vitu. Kisha fanya kinyume: simama chumbani, chagua kitu, ukitafute kwenye rejesta. Njia ya kwanza inakuonyesha vilivyopotea, ya pili inakuonyesha ambavyo havijaandikwa. Pikipiki usiangalie stika, hizo zinabanduka kwa jua na matope. Soma namba ya chasisi.

Chama Newala

Mzee, kabla hujaondoka. Ghala letu lilijengwa kwenye eneo tulilopewa na kijiji, na vitabuni ghala na kiwanja ni mstari mmoja. Nalikata lote?

Mzee wa Leja

Kiwanja hakichakai katibu, usikikate. Unalazimika kuvitenganisha. Lakini eneo la kupewa bila hati, thamani yake mtaiwekaje na kama ni mali yenu kweli, hilo fungulia uzi wake na uje na muhtasari wa kijiji. Siwezi kulijibu hivihivi.

MwekaVitabu Masasi

Nimerudi wakuu. Leo nimezunguka ofisi nzima na rejesta. Kompyuta mbili zipo, namba zimeandikwa. Kwa njia ya pili nimekuta printa iko juu ya kabati la dawa na haimo kwenye rejesta. Dereva anasema ililetwa na mfadhili 2024, hati sijaiona bado, nitamwandikia mfadhili anipe bei yake.

Pikipiki nimeifuta tope kwa kitambaa chini ya usukani nikasoma chasisi. Tarakimu ya mwisho kwenye rejesta ni 3, kwenye chuma ni 8. Kadi yake iko kwenye kabati la mkurugenzi, yuko Mtwara hadi Jumatatu. Akirudi nalinganisha na kadi kwanza, kabla sijagusa kitu kwenye rejesta.